Jumbe tatu za kukataa kazi moja: kisa cha mkalimani wa Kampala

Kisa hiki ni cha mkalimani na mfasiri anayeishi Kampala. Nimekiandika kwa ruhusa yake na ya afisa aliyekuwa akimpa kazi, na wote wawili walinionyesha ujumbe waliotumiana. Majina, ofisi, wilaya na mambo mengine ya kuwatambulisha nimeyaondoa. Mkalimani nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo afisa alivyozoea kumwita, na afisa nitamwita mzee, kwa kuwa ndivyo Mwalimu alivyozoea kumwita. Tarehe nimeziacha zilivyokuwa, maana ukizibadilisha kisa chenyewe hakieleweki.

Nimekichagua kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo na watu wenyewe walikuwa wakiheshimiana. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata hivyo watu kumi na mmoja walifunga safari bure, na chanzo cha safari hiyo ni ujumbe mmoja wa adabu.

Usuli

Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022. Sisi tunaofanya kazi ya tafsiri tuliona tofauti mapema: ofisi ambazo hazikuwahi kutupigia simu zilianza kuuliza bei. Lakini kwa Mwalimu, mteja aliye katika kisa hiki alikuwepo hata kabla ya hapo. Ni ofisi ya wilaya moja magharibi mwa nchi yenye makazi ya wakimbizi, ambako Wakongo wa makabila mbalimbali hukutana katika Kiswahili. Afisa akitaka kuzungumza na viongozi wao bila kuita wakalimani wanne, Kiswahili ndiyo njia.

Mwanzoni mwa Juni 2023 Mwalimu alikuwa tayari na kazi ya ofisi hiyo mkononi: kijitabu cha kurasa 40, maneno yapatayo 14,000, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Walipatana akikabidhi Alhamisi tarehe 22 Juni. Mwalimu hufasiri maneno 2,000 kwa siku, kasi ya kawaida kwa mtu anayetaka kazi isirudishwe. Kwa hiyo kijitabu kilihitaji siku saba za kufasiri na siku mbili za kusoma upya na kusahihisha.

Ziweke siku hizo kwenye kalenda uone. Alianza Jumatatu tarehe 5. Akafanya kazi tarehe 5, 6, 7 na 8. Tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, na alikuwa ameahidi familia kwenda kijijini. Jumamosi ana darasa. Kuanzia Jumatatu 12 hadi Jumatano 14 alikuwa na mkutano Kampala, ukalimani sambamba, yeye na mwenzake ndani ya kibanda wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mkutano huo ulipangwa tangu Aprili na malipo ya awali yalishapokelewa. Siku tatu zilizobaki za kufasiri zikaangukia tarehe 15, 16 na 19. Kusahihisha tarehe 20 na 21. Kukabidhi tarehe 22. Hakuna hata siku moja ya akiba.

Tatizo ni kwamba kalenda yake haikuonyesha hivyo. Katika simu yake aliandika mikutano tu, yaani shughuli zenye saa ya kuanza na mahali pa kwenda. Kazi ya kufasiri nyumbani hakuiandika, kwa kuwa aliibeba kichwani. Ukifungua kalenda ile, tarehe 12 hadi 14 zilikuwa na rangi, na tarehe 15 na 16 zilikuwa nyeupe.

Ombi la nyongeza

Jumatatu tarehe 5 alasiri, mzee aliandika kwa WhatsApp:

"Habari Mwalimu. Kijitabu kinaendeleaje? Wiki ijayo Alhamisi na Ijumaa, tarehe 15 na 16, tuna mkutano na viongozi wa mabaraza ya wakimbizi. Tunakuhitaji ututafsirie pale. Ni siku mbili tu."

Hilo neno "tu" mzee alilisema kwa moyo safi. Kwake mkutano ulikuwa siku mbili kweli, kwa sababu anaishi wilayani na anakwenda makazini kwa gari la ofisi asubuhi. Kwa mtu wa Kampala ni siku nne. Safari ni ya siku nzima ukihesabu lami, kisha vumbi, na gari la abiria linalosubiri lijae. Angepaswa kuondoka Jumatano tarehe 14, siku ambayo angekuwa kibandani hadi saa kumi na moja jioni, na kurudi Jumamosi, siku ya darasa. Kwa maneno mengine, hata kama kijitabu kisingekuwepo, safari ya Jumatano isingewezekana.

Ujumbe wa kwanza

Mwalimu alijibu baada ya dakika chache, akiwa katikati ya ukurasa wa kijitabu:

"Sawa mzee, nimeona. Poleni na kazi. Siku hizo nimebanwa kidogo ila nitajaribu kuangalia. Tutawasiliana."

Nilimuuliza alimaanisha nini. Alisema alimaanisha hapana, au karibu na hapana. Alifungua kalenda, akaona siku mbili nyeupe, akahisi moyoni kwamba haziko wazi, lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha kwa nini. Akaona ni utovu wa adabu kumkatalia mtu mzima, mteja wa siku nyingi, kwa hisia tu. Akaamua kupata muda kwanza.

Mzee alisoma nini? Alikuwa kwenye kikao. Simu iliwaka mezani, na kwenye kioo cha simu iliyofungwa huonekana maneno ya mwanzo tu. Aliona "Sawa mzee, nimeona. Poleni na kazi." Akageuza simu, akaendelea na kikao. Jioni aliufungua ujumbe wote, lakini wakati huo jibu lilikuwa limeshakaa kichwani: Mwalimu amekubali, ila ana shughuli nyingi kama watu wote.

Jumatano na Alhamisi

Jumatano tarehe 7 mchana Mwalimu alipokea ratiba ya mkutano, imepigwa mhuri, na jina lake limeandikwa kama mkalimani wa siku zote mbili. Mzee alikuwa ameshawapigia simu baadhi ya viongozi na kuwaambia siku.

Hapo ndipo Mwalimu alipokaa na karatasi akahesabu siku kama nilivyozihesabu hapo juu. Ilimchukua robo saa. Saa moja jioni akatuma ujumbe wa pili:

"Habari za jioni, mzee. Tarehe 15 na 16 Juni sitaweza kuja kwenye mkutano, naomba jina langu liondolewe kwenye ratiba. Jumatatu nilikuandikia kwamba nitajaribu. Nilikosea, nilipaswa kukwambia wazi siku ileile. Siku hizo mbili ndizo ninazomalizia kijitabu chenu ili kiwafikie tarehe 22 kama tulivyopatana. Nafasi yangu ya kwanza ni Jumatatu 3 na Jumanne 4 Julai. Nimezishikilia kwa ajili yenu mpaka Jumatatu 12 Juni, saa mbili asubuhi. Nisiposikia kutoka kwenu nitaziachia. Samahani kwa usumbufu."

Alhamisi asubuhi mzee alipiga simu. Hakukasirika, ingawa alikuwa na haki. Aliuliza kama kijitabu kinaweza kusogezwa; Mwalimu akamwuliza kijitabu kinasubiriwa na nani, na mzee mwenyewe akakumbuka kwamba kichapishaji kilikuwa kimepangwa wiki ileile ya tarehe 22. Basi kijitabu kikabaki mahali pake. Kisha mzee akasema maneno ambayo Mwalimu hakuyatarajia: "Mwalimu, Julai kwangu ni mwaka mwingine."

Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda huisha 30 Juni. Fedha ambazo hazikutumika kufikia siku hiyo ofisi haibaki nazo, hurudishwa. Mkutano huu ulikuwa na fedha za mwaka ule. Ukifanyika tarehe 3 Julai hauna fedha, na mkutano usio na fedha ya nauli za viongozi haufanyiki. Tarehe ambayo Mwalimu aliitoa kwa nia njema, na kuishikilia, na kuinyima kazi nyingine, kwa mzee haikuwa tarehe.

Mwalimu aliomba muda wa saa mbili. Katika kalenda yake wiki ya 26 hadi 30 Juni ilikuwa na kazi ya mteja mwingine, tafsiri ya mkataba, ya kukabidhiwa 7 Julai. Alimpigia mteja huyo kwanza, akamweleza kwamba ataanza siku chache baadaye na kukabidhi siku ileile. Mteja alikubali bila neno. Ndipo akatuma ujumbe wa tatu, saa sita mchana:

"Mzee, asante kwa simu. Nimepata siku mbili ndani ya Juni: Jumatatu 26 na Jumanne 27. Nitasafiri Jumapili 25. Jumanne nitaondoka saa nane mchana, maana Idi inatazamiwa tarehe 28 au 29 na barabara itajaa. Tarehe 15 na 16 bado sitakuwepo. Naomba jibu kabla ya Jumatatu 12 Juni, saa mbili asubuhi, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa kibandani siku tatu na simu itakuwa imezimwa."

Mzee alijibu jioni ileile: "Tumekubaliana, 26 na 27."

Maamuzi na sababu zake

Mwalimu alifanya maamuzi kadhaa katika siku hizo nne, na mawili nataka kuyaeleza kwa sababu watu hunipinga ninapoyasifu.

La kwanza ni kumwambia mzee wazi kwamba siku zile ni za kijitabu chake. Wengine huona hii ni kama kumlaumu mteja, au kumfunga mdomo. Mimi naona ni ukweli wenye manufaa. Mtu anayekuomba kazi ya pili mara nyingi hajui kwamba anaiombea kutoka kwenye kazi yake ya kwanza. Ukisema tu "nina kazi nyingine", anabaki akidhani kuna mteja mwingine unayempenda zaidi, na ataendelea kubembeleza. Ukimwonyesha kwamba ni kijitabu chake, anapata uamuzi wa kweli mkononi: kipi kitangulie? Mzee alijaribu uamuzi huo kwenye simu, akaona kijitabu kina uzito zaidi, akaacha. Kuhusu mkutano wa tarehe 12 hadi 14 Mwalimu hakutaja hata mara moja ni wa nani, na ni vizuri. Mteja hana haja ya kujua umepangwa na nani. Anahitaji kujua kwamba simu itazimwa.

La pili ni kumpigia mteja wa mkataba kabla ya kumwahidi mzee siku. Ilikuwa rahisi kuandika kwanza na kupanga baadaye, hasa baada ya aibu ya Jumatatu. Lakini angefanya hivyo, na mteja wa mkataba akatae, angekuwa na ujumbe wa nne wa kuandika, nao ungekuwa mgumu kuliko yote mitatu.

Kuna jambo dogo la siku pia. Kuweka mwisho wa kujibu Jumatatu asubuhi, si Ijumaa, kulitokana na Siku ya Mashujaa: Ijumaa ile ofisi zilifungwa. Na aliandika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, hakuandika "saa 8" wala "saa 2". Huku kwetu Kiswahili na Luganda huhesabu saa kuanzia alfajiri, lakini ofisi huandika kwa Kiingereza, na mtu aliyezoea barua za Kiingereza akiona "saa 8" husoma asubuhi ilhali mwandishi alimaanisha mchana. Neno "asubuhi" au "mchana" linamaliza ubishi.

Matokeo

Kijitabu kilikabidhiwa tarehe 22 na kikachapishwa. Mkutano ulifanyika tarehe 26 na 27 na Mwalimu alifanya ukalimani siku zote mbili. Mkataba ulikabidhiwa 7 Julai.

Hayo ndiyo mazuri. Upande wa pili, siku ya pili ya mkutano iliisha saa nane badala ya saa kumi na moja, na mada ya mwisho, iliyohusu namna ya kuwasilisha malalamiko, haikufundishwa. Mzee ananiambia hiyo ndiyo mada iliyoulizwa zaidi.

Na tarehe 15 asubuhi watu kumi na mmoja walifika kwenye ukumbi. Walikuwa wamepewa siku kwa simu tarehe 6, wakati mzee akiamini amepata mkalimani. Habari ya mabadiliko ilianza kusambazwa Alhamisi jioni, kisha ikaja Ijumaa ya sikukuu, Jumamosi na Jumapili, na kwa baadhi yao simu hazikupatikana. Mmoja alikuwa mama aliyeacha shamba na kutembea tangu alfajiri. Mzee aliwalipa nauli ya kurudi.

Uchambuzi: neno la kwanza

Nianze na ujumbe wa kwanza kwa sababu ndio ulioleta gharama kubwa, na kwa sababu karibu kila mmoja wetu huandika ujumbe kama huo.

"Sawa" ya Mwalimu ilikuwa ya kupokea: nimekusikia, ujumbe umefika. Katika mazungumzo ya ana kwa ana sauti hueleza ni sawa ipi. Kwenye maandishi sawa ya kupokea na sawa ya kukubali zina herufi zilezile, na ikiwa ni jibu la ombi, msomaji atachukua ile anayoitaka. Kama ni ujumbe wa kukataa, neno "sawa" lisiwemo kabisa, achilia mbali kuwa la kwanza. "Nimepata ujumbe wako" linatosha.

"Nitajaribu" ni gumu zaidi. Waganda husema *nja kugezaako*, na kila aliyekulia hapa anajua kwamba mara nyingi ni njia ya heshima ya kusema hapana bila kumvunja mtu uso. Desturi hiyo siidharau. Inafanya kazi vizuri pale ambapo asiyekuja hasababishi hasara, kama mwaliko wa sherehe yenye watu mia tatu. Lakini mzee alikuwa akijaza nafasi moja, na kwake "nitajaribu" ya mtu anayetimiza ahadi zake ni ahadi. Kadiri unavyoaminika, ndivyo "nitajaribu" yako inavyosomwa kama ndiyo. Mwalimu aliponzwa na sifa yake njema.

Halafu "poleni". Pole humwendea aliyepatwa na jambo. Ukimwambia mteja "poleni na kazi" ni salamu nzuri. Lakini neno la kuomba radhi kwa kukataa ni "samahani", na katika ujumbe wa kwanza halikuwepo. Mzee hakuwa na alama yoyote kwamba kuna jambo analoombwa radhi. Katika ujumbe wa pili "samahani" ilikuja mara moja, mwishoni, baada ya habari yote kukamilika. Mara moja inatosha. Nimeona ujumbe wenye samahani nne, na msomaji akifika ya nne huanza kumbembeleza mwandishi, kisha kumwomba afikirie tena.

Linganisha na mwanzo wa ujumbe wa pili. Salamu fupi, kisha tarehe, kisha "sitaweza". Hata ukionekana kwenye kioo cha simu iliyofungwa, kukataa kunaonekana. Na "sitaweza" haina mlango wa nyuma kama "huenda nisiweze" au "itakuwa vigumu".

Uchambuzi: tarehe inayotolewa

Ujumbe wa pili ni mzuri kwa lugha, lakini tarehe yake haikuwa na kazi. Mwalimu alitoa siku yake ya kwanza iliyo wazi. Hakuuliza siku ya mwisho ya mzee. Tarehe ya baadaye ina mipaka miwili: mapema kabisa unapoweza wewe, na mwisho kabisa anapoweza yeye. Ukijua mmoja tu, unakisia.

Katika nchi yetu mpaka wa mteja mara nyingi unaweza kubashiriwa. Ofisi ya serikali mwezi Juni ina 30 Juni. Shule ina mwisho wa muhula. Msikiti una mwezi mwandamo. Mwalimu amefanya kazi na ofisi ile miaka kadhaa, na anakiri angepaswa kukumbuka. Lakini kubashiri hakuhitajiki mtu anapoweza kuuliza kwa sentensi moja.

Wenzangu wengine husema basi usitoe tarehe, uliza kwanza. Sikubaliani nao. Ujumbe wenye swali peke yake ("mwisho wenu ni lini?") bila kukataa tarehe iliyoombwa unarudi kuwa "nitajaribu" nyingine, mzee angejibu na kudhani mazungumzo ya tarehe 15 bado yako hai. Vyote vitatu viende pamoja: kukataa, tarehe, na swali.

Sasa kwa nini Mwalimu alidhani Julai ndiyo nafasi ya kwanza, wakati wiki ya 26 Juni ilipatikana baada ya simu moja? Hapa ndipo ninapoona funzo la kisa hiki lililo ndani kuliko maneno. Kazi zetu ni za aina mbili. Kuna kazi zenye siku, kama mkutano: watu 80 wako ukumbini tarehe 12, huwezi kuja tarehe 15. Na kuna kazi zenye mwisho, kama mkataba: anzia unapotaka, mradi 7 Julai iko mezani. Katika kalenda ya Mwalimu mkataba ulipakwa rangi wiki nzima kana kwamba ni mkutano, ukaonekana hausogei. Na kijitabu, ambacho kwa hesabu kilikuwa hakisogei tena kwa sababu siku zake zimeisha, hakikupakwa rangi kabisa. Kalenda ilimdanganya pande zote mbili: ikamwonyesha nafasi pasipo na nafasi, na ukuta pasipo na ukuta.

Kazi yenye mwisho husogea mpaka siku zilizobaki zinapolingana na siku inazohitaji. Baada ya hapo inakuwa kazi yenye siku. Kijitabu kilifika hapo tangu asubuhi ya tarehe 5, siku ya kwanza kabisa, na ndiyo maana ombi la alasiri ile halikuwa na pa kuingia.

Ujumbe ambao ungetumwa Jumatatu

Mimi na Mwalimu tulikaa tukauandika upya ule wa tarehe 5, tukijifanya hatujui yaliyofuata ila tumeshahesabu siku:

"Habari mzee. Nimepata ujumbe wako. Tarehe 15 na 16 Juni sitaweza: ni siku za kumalizia kijitabu chenu, na kinakwenda vizuri kwa ajili ya tarehe 22. Naweza kuja Jumatatu 26 na Jumanne 27 Juni. Je, siku yenu ya mwisho ya kufanya mkutano huu ni ipi? Nitazishikilia 26 na 27 mpaka Alhamisi hii saa kumi jioni. Samahani kwa kutoweza tarehe mliyoomba."

Ungetumwa hata saa mbili baada ya ombi, mzee angekuwa hajampigia kiongozi yeyote. Mwalimu alikataa nisiandike "mkitaka naweza kuwatafutia mtu mwingine", na sababu yake ni nzuri. Makazini Kiswahili kinachosemwa ni cha Kongo, na mkalimani aliyezoea cha redio tu hupotea ndani ya dakika kumi. Anawajua wawili wanaokiweza, na wiki ile wote wawili walikuwa na kazi. Kutaja msaada asio nao kungekuwa "nitajaribu" ya tatu.

Siku hizi kalenda yake ina rangi mbili, moja ya kazi zenye siku na nyingine ya kazi zenye mwisho, na safari zimeandikwa siku zake zenyewe. Mzee naye amebadilika. Ombi lake la Septemba lilianza hivi: "Habari Mwalimu. Tuna mafunzo ya siku mbili, nne ukiweka safari. Tungependa tarehe 19, na mwisho wetu ni tarehe 6 Oktoba."

Mwalimu alimjibu kwa mstari mmoja: "Habari mzee. Tarehe 19 sitaweza, 3 na 4 Oktoba naweza."